Kuibiwa, kunyang'anywa na kuvunjiwa si kitu kimoja

Mtu anarudi kwake anakuta mlango wazi na laptop haipo, anapiga simu anasema "nimenyang'anywa". Mwingine kavutwa begi mkononi hadi kamba ikakatika, anasema "nimeibiwa". Wa tatu kakuta nyayo za viatu sebuleni na makabati yamefunguliwa ila hakuna kilichotoka, anashukuru anasema afadhali, hakuna kosa lililofanyika. Kwenye maongezi ya kawaida wote watatu wanaeleweka na hakuna atakayewasahihisha, lakini kisheria wa kwanza hakunyang'anywa, wa pili hakuibiwa tu, na wa tatu ndo kakosea kuliko wote, maana kosa zito huenda lilishakamilika dakika ile ile mtu alipoingia ndani.

Mkanganyiko huu unatuumiza hasa kesi zinapofika kwenye habari. Mtu alishtakiwa kwa unyang'anyi, mwisho wa siku kahukumiwa kwa wizi, na watu wanakasirika wanasema jaji kamwonea huruma. Mara nyingi huruma haimo kabisa. Kuna kipande kimoja cha kosa kilikosekana, na bila hicho kipande unyang'anyi haupo hata kama mshtakiwa ni mtu mbaya kiasi gani.

Nitatumia sheria ya Uingereza na Welisi, yaani Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, kwa sababu yenyewe iliweka makosa haya matatu karibu karibu kwenye vifungu vifupi: wizi kifungu cha 1, unyang'anyi kifungu cha 8, uvunjaji kifungu cha 9. Nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kiingereza zinatumia mantiki inayofanana na hii, japo majina, vifungu na adhabu zinatofautiana, kwahiyo usichukue namba za hapa ukaenda nazo mahakama ya kwingine.

Tuanze na wizi kwanza kwa sababu usipouelewa vizuri hayo mengine mawili yatakupotea. Wizi ni pale mtu anapojimilikisha mali ya mwingine, bila uaminifu, akiwa na nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Ukiivunja hiyo sentensi unapata vitu vitano: kuna kitendo cha kujimilikisha, kuna mali, hiyo mali ni ya mtu mwingine, kuna kukosa uaminifu, na kuna nia ya kumnyima kabisa. Vitatu vya kwanza ni mambo unayoweza kuyaona kwa macho, viwili vya mwisho viko kichwani mwa mtu. Vyote vitano lazima viwepo kwa wakati mmoja.

Kujimilikisha ndo kunakosumbua wengi kwa sababu tunadhani wizi unakamilika mtu akishatoka na kitu mlangoni. Hapana. Kujimilikisha ni kuanza kukifanyia kitu yale ambayo mwenyewe tu ana haki ya kuyafanya, kwahiyo mtu akichukua simu yako mezani akaitia mfukoni kwa nia ya kuondoka nayo jumla, wizi umeshatokea hapo hapo kwenye kiti, hata kama umemkamata kabla hajasimama. Shika hili la muda vizuri maana tutalirudia kwenye unyang'anyi.

Uaminifu nao una mlango wake. Sheria ile inasema mtu hakosi uaminifu kama anaamini kweli kwamba ana haki ya kisheria kwenye ile mali, au anaamini mwenyewe angekubali kama angejua, au anaamini mwenyewe hawezi kupatikana hata akitafutwa kwa juhudi za kawaida. Angalia neno "anaamini". Si lazima awe sahihi, inatosha kwamba imani yenyewe ni ya kweli, haijatungwa baada ya kukamatwa. Na kuhusu nia ya kumnyima mwenyewe kabisa, ndo maana aliyechukua baiskeli yako azunguke nayo kisha airudishe hajatenda wizi kwa maana hii, anaweza kuwa na kosa lingine lakini si hili. Ila aliyechukua simu yako ili akuuzie wewe mwenyewe hawezi kujitetea kwamba alikuwa na nia ya kurudisha, sababu kaifanya kama yake ya kuuza.

Sasa unyang'anyi. Unyang'anyi ni wizi wote kamili, halafu juu yake kuna nguvu au kitisho cha nguvu. Fikiria nyumba ya ghorofa: wizi ni chini, unyang'anyi ni juu, na chini kusiposimama juu hakuna kitu. Kesi ya Uingereza iliyoripotiwa mwaka 1977 inaonesha hili kuliko maelezo yoyote. Jamaa alikuwa anadai pauni 7, deni la mke wa mtu. Akamkabili yule mume, kukawa na kisu, wakavutana, noti ya pauni 5 ikadondoka, jamaa akaiokota akachukua na bado akadai pauni 2 zilizobaki. Alitiwa hatiani kwa unyang'anyi, akakata rufaa, hatia ikafutwa. Sababu ni kwamba kama aliamini kweli ile pesa ni haki yake basi kipande cha kukosa uaminifu hakipo, wizi hakuna, na wizi ukianguka unyang'anyi unaanguka nao. Wengi wakisikia hii wanashtuka wanauliza kwahiyo ni ruhusa kudai deni kwa kisu? Si ruhusa hata kidogo, kutishia na kupiga ni makosa yanayojitegemea na unaweza kufungwa kwayo. Kinachokosekana ni jina la unyang'anyi tu.

Tuseme wizi upo. Nguvu nayo ina masharti yake: iwe imetumika mara tu kabla ya kuiba au wakati wa kuiba, na iwe imetumika ili kuiba. Kitisho nacho kiwe cha hapo hapo, yaani mtu aogopeshwe kwamba atapigwa sasa hivi. Anayekwambia "nitakuja kukupiga wiki ijayo usiponipa" yuko kwenye kosa jingine. Na si lazima wewe uogope kweli, sheria inatosheka kwamba alitaka kukutia hofu, kwahiyo ujasiri wako haumsaidii yeye. Hata anayetishiwa si lazima awe ndo mwenye mali, ukimshikia mlinzi rungu ili uchukue mali ya tajiri wake ni unyang'anyi vile vile.

Watu wanadhani unyang'anyi lazima kuwe na panga au bunduki. Silaha haitajwi kabisa kwenye kifungu cha 8. Mwaka 1976 mahakama ilikubali kwamba hata kumsukuma sukuma mtu hadi akayumba, wakati mwenzako anamchomoa pochi, kunaweza kuwa nguvu ya kutosha, na kwamba hilo ni la juri kuamua, yaani wale raia 12 wanaosikiliza kesi. Mwaka 1987 ikawa zamu ya kikapu kilichovutwa kwa nguvu toka mkononi mwa mwanamke, mshtakiwa akasema mimi nimevuta kikapu, sijamgusa mtu, mahakama haikukubali kwa sababu ukivuta kitu alichokishika mtu nguvu inafika mwilini kwake. Lakini kuna mpaka. Mwaka 2012 mtu alimchomoa mwenzake sigara katikati ya vidole bila kumgusa, na mahakama ikasema huu ni wizi tu, sababu sigara haina upinzani wowote mkononi, ni kama kumchomoa mtu kitu mfukoni bila yeye kuhisi. Kwahiyo kwa simu iliyokwapuliwa swali la kuuliza ni hili: ilichomoka laini tu au kulikuwa na mvutano? Yule dada wa begi lililokatika kamba kanyang'anywa. Aliyegeuka tu akakuta simu haipo mezani kaibiwa.

Halafu lile suala la muda. Kama wizi unakamilika mtu anapoanza kushika kitu, nguvu iliyotumika dakika mbili baadae itakuwaje "wakati wa kuiba"? Mwaka 1978 hili ndo lilibishaniwa. Watu wawili waliingia kwa mwanamke, mmoja akamziba mdomo, mwingine akapanda juu akachukua kisanduku cha vito, kisha kabla ya kuondoka wakamfunga kamba. Wakasema kamba ilikuja wizi ukiwa umeshaisha. Mahakama ikasema kujimilikisha si kitendo cha kufumba na kufumbua, kunaweza kuendelea, na ni juri itakayoamua kama kulikuwa bado kunaendelea. Mimi naona ni jibu la busara, maana vinginevyo mwizi angejiokoa kwa kupiga watu akiwa anatoka badala ya akiwa anaingia. Ila lina gharama yake: hakuna saa wala mita inayokuonesha wizi umeishia wapi, na kesi mbili zinazofanana zinaweza kuishia tofauti.

Uvunjaji ndo unaoeleweka vibaya kuliko yote, na jina lenyewe ndo linatudanganya. Zamani kweli kwa sheria ya kale ya Uingereza ilikuwa lazima uvunje, iwe nyumba ya kuishi, na iwe usiku, na hadi leo sheria za nchi kadhaa bado zinatenga uvunjaji wa usiku kama kosa la peke yake. Lakini ile ya 1968 iliondoa kuvunja na ikaondoa usiku. Kilichobaki ni kuingia kwenye jengo, au sehemu ya jengo, bila kuwa na haki ya kuingia. Mlango ulikuwa wazi? Haijalishi. Saa sita mchana? Haijalishi.

Na hapa ndo tofauti kubwa na unyang'anyi ilipo. Unyang'anyi unakaa juu ya wizi mzima, uvunjaji ni kama nyumba ya jirani inayotumia ukuta mmoja na wizi. Kuna njia mbili za kuufikia. Njia ya kwanza, mtu anaingia bila haki akiwa tayari na nia ya kuiba, au ya kumjeruhi vibaya mtu aliye ndani, au ya kuharibu mali. Hapo kosa limekamilika anapovuka kizingiti, hata asipogusa kitu. Kati ya vile vipande vitano vya wizi hajatimiza kitendo chochote, kaleta nia tu. Njia ya pili, mtu kaingia bila haki pengine hana nia yoyote, tuseme kaingia kujikinga na mvua kwenye nyumba ya watu, halafu akiwa ndani akaona saa akaichukua, au akajaribu kuichukua. Kosa linakamilika pale anapoiba au kujaribu. Njia ya kwanza inaangalia kichwa chake mlangoni, ya pili inaangalia mikono yake ndani. Waendesha mashtaka wakikosea njia kesi inaweza kuanguka, na kosa la kawaida ni kumshtaki mtu kwa njia ya kwanza bila ushahidi wa alichokuwa anawaza wakati anaingia.

Kuingia je, ni mwili mzima? Hapana. Kuna kesi ya 1985 ya mtu aliyeinamisha nusu ya juu ya mwili wake ndani ya dirisha la duka lililovunjika huku miguu iko nje, akipekua vitu. Ilitosha. Na ya 1996 mtu alikutwa usiku kakwama kwenye dirisha la nyumba ya watu, kichwa na mkono wa kulia viko ndani, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Akasema hajaingia kwa sababu asingeweza kuiba kitu akiwa vile. Mahakama ikakataa, kuwa na uwezo wa kuiba si sharti la kuingia.

Bila haki nako kuna mshangao wake. Mtu aliyealikwa anaweza kugeuka mvamizi. Kesi ya 1976 kijana alikuwa na ruhusa ya baba yake kuingia nyumbani wakati wowote, usiku mmoja akaingia na rafiki yake wakabeba televisheni mbili. Baba mwenyewe alisema mahakamani kwamba mwanawe hawezi kuitwa mvamizi kwenye nyumba hiyo. Bado wakatiwa hatiani, maana ruhusa ya kuingia nyumbani haikuwa ruhusa ya kuja kusomba vitu, na waliipita wakijua. Wapo wanaosema hukumu hii inapanua uvunjaji kupita kiasi, kwani kwa mantiki hiyo kila anayeingia dukani kwa nia ya kuiba ni mvunjaji na si mwizi wa kawaida tu, na kwa kweli hoja yao ina uzito.

Tuchukue tukio moja tulipitie polepole. Mwanamume anaingia dukani mchana, mlango wa wateja uko wazi kama kawaida. Nyuma kuna mlango umeandikwa "wafanyakazi tu". Anaangalia kushoto na kulia, anaufungua, unafunguka bila kuvunjwa. Ndani kuna meza yenye droo, anaivuta, anakuta simu ya mfanyakazi, anaitia mfukoni. Anapogeuka mfanyakazi yuko mlangoni, anamuuliza unafanya nini humu. Jamaa anamsukuma kifuani, mfanyakazi anagonga ukuta, jamaa anakimbia na simu.

Uvunjaji ulianza kwenye mlango wa nyuma. Ruhusa ya wateja iliishia kwenye kile kibao, na sheria inasema wazi sehemu ya jengo inatosha. Mwaka 1979 mtu alitiwa hatiani kwa kuingia nyuma ya kaunta ya duka la watu kufungua droo ya pesa, na kaunta yenyewe haikuwa hata chumba, ilikuwa eneo lililozungukwa tu. Nia yake tunaijuaje? Kwa kuangalia alivyofanya: kachungulia pande zote, kapita kibao, kaenda moja kwa moja kwenye droo. Hata kama nia ingekosa ushahidi, njia ya pili ipo maana kaiba akiwa ndani.

Wizi ulikamilika simu ilipoingia mfukoni, vipande vyote vitano vipo. Unyang'anyi sasa unategemea ule msukumo. Simu iko mfukoni, bado yuko kwenye chumba kile kile, anayezuia njia ni mfanyakazi, na anamsukuma ili aondoke nayo. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ilitazama watu waliochukua bia dukani kisha wakamfanyia fujo mwenye duka akiwazuia, ikashikilia mantiki ile ile ya 1978. Kwahiyo mashtaka ya unyang'anyi hapa yana miguu.

Badilisha kitu kimoja uone. Tuseme alipomwona mfanyakazi alishtuka, akairusha simu mezani, kisha akamsukuma ili akimbie mikono mitupu. Wizi bado upo, uvunjaji bado upo, lakini nguvu haikutumika ili kuiba, ilitumika ili kukwepa kukamatwa. Unyang'anyi umeondoka, kinabaki kosa la kumpiga mtu. Tuseme droo ilikuwa tupu kabisa: hakuna mali iliyochukuliwa, hakuna wizi, kwahiyo unyang'anyi hauwezekani hata angemsukuma mara kumi, lakini uvunjaji umesimama vile vile kwa sababu nia yake ya kuiba chochote atakachokuta ilivuka naye mlango. Tuseme tena mfanyakazi alikuwa kaazima simu ya huyu jamaa na yeye akaamini kweli aliyoiona kwenye droo ni yake. Hapo hakuna wizi, hakuna unyang'anyi, na uvunjaji nao unakufa, maana nia ya kuchukua kitu unachoamini ni chako si nia ya kuiba. Na tuseme yote yalitokea vile vile ila chumba ni tela ya lori iliyoegeshwa nyuma ya duka, bado ina magurudumu yake. Mwaka 1986 mahakama ilisema tela za namna hiyo zilizotumika kama stoo si jengo, wakati mwaka 1979 kontena la friza lililokaa pale pale miaka miwili hadi mitatu, likiwa na umeme na mlango wenye kufuli, lilihesabiwa kuwa jengo.

Umuhimu wa kutofautisha unauona kwenye adhabu za juu kabisa. Wizi ni miaka 7. Uvunjaji ni miaka 10, na ukiwa kwenye makazi ya mtu ni 14. Unyang'anyi ni hadi kifungo cha maisha, na uvunjaji wa mtu mwenye silaha nao ni hadi maisha. Jamaa wetu aliyemsukuma mfanyakazi huku simu iko mfukoni anakabiliwa na kosa ambalo ukomo wake ni maisha. Aliyeirusha mezani kwanza kisha akasukuma, mashtaka mazito kabisa dhidi yake ni uvunjaji wa jengo lisilo makazi, ukomo miaka 10, na mawakili wa pande zote mbili watatumia muda mwingi kumuuliza mfanyakazi swali moja tu: alipokugusa, simu ilikuwa wapi?